Somo: Kulinganisha video ya pleibeki na wimbo wa studio, midomo isipishane na sauti

Msanii anapoigiza kuimba huku wimbo ukipigwa kwenye spika, sauti iliyonaswa na kamera ni wimbo uleule wa studio, ila umechujuka kwa mwangwi, kelele au utepe uliochakaa. Ndiyo maana tunaweza kuutoa na kuweka ulio safi. Tatizo ni kwamba wengi wanalinganisha pigo la kwanza, wanaona midomo imekubali, wanahifadhi faili. Kufika kiitikio cha mwisho, sauti na picha zimeachana. Pima sehemu mbili, si moja.

Hatua ya 1. Usifute sauti ya klipu, ndiyo itakayokuongoza. Hakikisha pia una toleo lilelile la wimbo, maana la albamu na lile la redio mara nyingi hutofautiana urefu.

Hatua ya 2. Chagua pigo moja kali la ngoma karibu na mwanzo na jingine karibu na mwisho. Andika muda wa kila pigo, kwenye klipu na kwenye wimbo. Tuchukue klipu ya televisheni ya fremu 25 kwa sekunde: pigo la kwanza liko 0:06.40 na la mwisho 3:37.60, yaani sekunde 211.2 kati yake. Kwenye wimbo wa studio, mapigo hayohayo yako 0:04.00 na 3:44.00, yaani sekunde 220. Gawanya 211.2 kwa 220, unapata 0.96.

Namba hiyo ni sawa na 24 kugawanywa kwa 25. Video ilipigwa kwa filamu ya fremu 24, kisha ikaharakishwa hadi 25 ili irushwe kwenye televisheni. Hata sikio litakuambia: sauti imepanda kwa kama asilimia 70 ya nusu-toni. Ukipata 0.999 au 1.001, aghalabu ni mkanganyiko wa fremu 23.976 na 24. Kosa hilo linaonekana dogo, lakini kwa wimbo huu linafika fremu tano hivi mwishoni. Ukipata namba isiyo na maelezo, kama 0.993, huenda mashine ya utepe haikuwa na kasi sahihi. Tumia namba uliyopima.

Hatua ya 3. Rekebisha kasi ya klipu, wimbo wa studio usiuguse. Kwa mfano wetu:

```
ffmpeg -i klipu.mp4 -vf "setpts=PTS/0.96" -af "asetrate=46080,aresample=48000" -r 24 klipu24.mp4
```

Hiyo 46080 ni 48000 mara 0.96, kwa klipu yenye sauti ya 48000. Picha inarudi fremu 24 bila fremu kurudiwa wala kuruka, na sauti inashuka mahali pake. Pigo la kwanza sasa liko sekunde ya 6.67, kwa hiyo wimbo wa studio uanze sekunde 2.67 baada ya klipu.

Hatua ya 4. Vaa hedifoni. Sauti ya klipu ipeleke sikio la kushoto, ya studio kulia. Zikiachana sana utasikia mwangwi. Zikikaribiana mwangwi unakufa, na sauti inaegemea upande unaotangulia. Sogeza mpaka ikae katikati, kisha ruka hadi mwisho wa wimbo. Ikiwa imehama upande, kasi bado haijakaa sawa. Rudi hatua ya 2.

Hatua ya 5. Mwamuzi wa mwisho ni mdomo. Tafuta neno lenye m, b au p, picha ikiwa karibu: midomo lazima ifunge kwenye herufi hiyo.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimerekodi onyesho nikiwa mbali. Mawimbi yamelingana kabisa lakini midomo inatangulia. Kwa nini?*

Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Kamera ikiwa mita 28 kutoka kwenye spika, inaisikia ikiwa imechelewa kama sekunde 0.08, ambazo ni fremu mbili kwa video ya fremu 25. Picha haicheleweshwi hivyo. Ukishalinganisha mawimbi, isogeze picha mbele fremu mbili kwenye taimlaini, ianze baadaye kidogo.

*Yangu inakwenda vizuri hadi ubeti wa pili, ghafla inaruka sekunde kadhaa.*

Hilo si suala la kasi, dada. Waliopiga pleibeki walitumia toleo lililokatwa. Tafuta mahali pa mruko, ukate wimbo wa studio palepale, kwenye mpigo, na uunganishe kama wao walivyofanya.

*Nitajuaje kama mwimbaji alikuwa na maikrofoni ya kweli, bendi pekee ndiyo ikaigiza?*

Sikiliza pumzi na silabi kwenye hedifoni kama hatua ya 4. Ngoma zikikaa katikati huku sauti ya mwimbaji ikiyumba, mara inatangulia mara inachelewa, aliimba kweli. Hapo usibadilishe sauti: hakuna kasi itakayofanya midomo yake ikubaliane na ya studio.