Kuchagua sabuni ya uso: geuza chupa, soma nyuma

Maneno kama "laini" au "kwa ngozi ya mafuta" mbele ya chupa hayasemi mengi. Kinachoamua sabuni itakufaa au itakuumiza ni safaktanti, yaani kiungo kinachong'oa mafuta, na jina lake liko nyuma kwa herufi ndogo.

Hatua ya 1: Pima ngozi

Nawa uso, ukaushe kwa kuugusagusa na taulo, kisha kaa saa 1 bila kupaka chochote. Bandika tishu kwenye paji, pua na mashavu. Ikitoka na madoa ya mafuta kote, ngozi yako ni ya mafuta. Ikitoka safi huku uso unabana ukicheka, au umepauka pembeni mwa mdomo, ni kavu. Wenye mafuta puani na kwenye paji tu wachague kwa kufuata mashavu, kwa kuwa ndiyo huumia kwanza.

Uso ukiwa unang'aa na papo hapo unabana, ishuku sabuni kabla ya kuilaumu ngozi. Tumia iliyo laini zaidi kwa wiki 2, kisha upime upya.

Hatua ya 2: Jua safaktanti inafanya nini

Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Zikiwa nyingi majini hujikusanya katika vifundo vidogo mno, mikia ikiwa ndani na vichwa nje. Mafuta ya uso na losheni ya jua hunaswa humo, nawe ukisuuza vinaondoka na maji.

Shida ni kwamba safaktanti haibagui. Tabaka la juu la ngozi ni seli zilizokufa zilizoshikanishwa na mafuta, na baadhi ya mafuta hayo huondoka pia. Safaktanti kali hung'ang'ania hata protini za seli hizo na kuzifanya zivimbe kwa maji. Maji yakikauka zinasinyaa, ndiyo maana uso unabana. Sodium Lauryl Sulfate inajulikana sana kwa hilo, kiasi kwamba watafiti huitumia makusudi kuwasha ngozi katika majaribio.

Sabuni ya kipande ya kawaida ina tatizo jingine: pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, huwa kati ya 9 na 10, ilhali ya ngozi ni karibu 5. Kwa wanaonawa maji ya kisima yenye chokaa nyingi, sabuni hiyo hufanya utando mweupe usiotoka vizuri usoni.

Povu lisikudanganye. Povu ni hewa iliyonaswa. Wingi wake haupimi usafi. Uzito nao vivyo hivyo: Sodium Chloride, yaani chumvi ya kawaida, mara nyingi huwekwa ili sabuni iwe nzito tu.

Hatua ya 3: Soma orodha

Viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Ukifika Phenoxyethanol, kihifadhi ambacho kwa kawaida hakizidi asilimia 1, vinavyofuata ni vya kiasi kidogo sana. Aloe ikiwa huko mwishoni, umelipia picha ya jani.

Tuchukue chupa mbili. Ya kwanza inaanza hivi:

```
Aqua, Sodium Laureth Sulfate, Cocamidopropyl Betaine, Sodium Chloride
```

Laureth si Lauryl. Ni pole kuliko ndugu yake, na Betaine ikichanganyika nayo vifundo huwa imara zaidi, hivyo molekuli chache hubaki huru kupenya ngozini. Hii inaifaa ngozi ya mafuta. Kwa ngozi kavu ni kali mno.

Ya pili:

```
Aqua, Glycerin, Coco-Glucoside, Sodium Cocoyl Glutamate
```

Glycerin, inayoshika maji, imetangulia safaktanti, na safaktanti zote mbili ni za upole. Hii ni ya ngozi kavu. Mwenye ngozi ya mafuta anayeunguzwa na ile ya kwanza anaweza kuitumia pia, ila losheni nzito ya jua huenda ikahitaji kunawa mara 2.

Orodha ikianza na Sodium Palmate au Sodium Tallowate, hiyo ni sabuni ya kipande. Mwenye ngozi kavu aiache.

Hatua ya 4: Nawa

Lowesha uso kwa maji ya uvuguvugu, chukua sabuni kiasi cha punje 1 ya maharage, sugua kwa vidole sekunde 30 hadi 60, suuza mpaka utelezi uishe, hasa kwenye mstari wa nywele na taya. Ngozi ya mafuta inawe asubuhi na jioni. Ngozi kavu inawe kwa sabuni jioni, asubuhi maji matupu yanatosha, na mafuta au krimu ipakwe uso ukiwa bado na unyevu. Kunawa mara 4 kwa siku hakupunguzi mafuta, kwani tezi zinazoyatoa huongozwa na homoni.

Uso ukibana zaidi ya dakika 10 baada ya kunawa, punguza kiasi au muda. Ukiendelea, badilisha sabuni. Ukiwasha na kutoa vipele hata kwa sabuni ya upole, angalia kama ina Parfum au Cocamidopropyl Betaine: vyote viwili vina watu wanaopata mzio navyo, na upole wa sabuni hauondoi mzio.