Mwaliko wa dina ya bethdei nyumbani: jinsi ya kuuandika mpaka kila mtu aelewe

Mimi kazi yangu ya pembeni ni kuandikia watu mialiko, na nikwambie kitu, mwaliko wa harusi ya watu mia tatu ni rahisi kuliko wa dina ya watu wanane. Kule akizidi mmoja hakuna anayejua, ila mezani kwako akizidi mmoja unamwona kwa macho yako amesimama na sahani.

Na sisemi kwa kusikia. Mwaka mmoja kwenye bethdei ya mume wangu, kabla hajafika arobaini, nilijiamini kwamba hii ndo kazi yangu, nikaandika haraka haraka kwenye grupu la watsap: "Wapendwa, karibuni nyumbani Jumamosi ijayo jioni tumpongeze baba watoto, msikose!" Basi. Meza yangu inakaa watu sita, nikivuta viti viwili vya jikoni wanakuwa wanane. Wakaja kumi na tatu, wa kwanza kafika saa kumi na moja mimi bado nina kitambaa kichwani, wa mwisho kaja saa tatu wengine washakula, na shemeji yangu mmoja kaja wiki iliyofuata kabisa na zawadi mkononi. Nilitaka kukasirika, halafu nikairudia ile meseji nikaona wote walikuwa sahihi, mkosaji nilikuwa mimi. Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyoandika siku hizi.

Hatua ya 1: hesabu viti, halafu andika majina

Kabla hujagusa simu kaa mezani uhesabu. Viti nane, toa mimi na mume wangu, vinabaki sita. Sita ni watu sita, sio familia sita. Andika majina pembeni, na ukiona kuna mtu huwezi kumwalika bila mwenzake basi hapo ni viti viwili, usijidanganye.

Ukishapata majina, kila mmoja atumiwe meseji yake. Grupu hapana. Kwenye grupu mtu anaona "wapendwa" anajua kuna wengine watajibu, ananyamaza, au anaweka kidole gumba ambacho huelewi ni "nakuja" au "nimeona". Meseji sita unaziandika dakika ishirini tu, sehemu kubwa unakopi, unabadilisha mwanzo.

Hatua ya 2: chunga hiyo "-ni"

Hapa ndo wengi wanaumia na hawajui. Ukimwandikia mtu mmoja "karibuni", "mje", "msikose", umeshamwambia alete wenzake. Kiswahili chetu kimeweka idadi ndani ya neno lenyewe, kwa hiyo yule aliyekuja na mke na watoto watatu na mdogo wake hakuzamia, alisoma "karibuni" akaelewa ni kwao wote. Mimi nilikuwa nasema na grupu, yeye kasoma kama mkuu wa nyumba.

Kwa hiyo ukimtaka peke yake andika "karibu", "uje", "nakusubiri". Ukiwataka wawili usiishie kwenye "mje", sema kabisa "wewe na shemeji". Ukisema "ninyi wawili" pia sawa, hapo hata mwenye roho ngumu hawezi kuongeza wa tatu. Kama hamtaki watoto, litaje mwenyewe kwa upole, usimwache mtu akisie: "safari hii tumeona tuwe wakubwa tu". Usiweke maelezo marefu ya kwa nini, ukieleza sana ndo inaanza kuonekana kama unawakimbia watoto wa watu.

Hatua ya 3: sentensi ya kwanza iwe ya huyo mtu, isiwe ya sherehe

Watu wanadhani joto la mwaliko linatoka kwenye maua na mioyo na "kwa heshima na taadhima". Ile lugha ya kadi ukimpelekea rafiki yako wa siku zote anashtuka, anadhani kuna michango. Joto linatoka kwenye kitu kimoja kidogo ambacho ni yeye tu anakijua.

Mfano kwa rafiki wa mume wangu aliyesoma naye niliandika: "Shem, yule mwenzio mliyekuwa mnashea kalamu moja kwenye mtihani anatimiza arobaini." Maneno machache, lakini alinipigia simu anacheka kabla hajamaliza kusoma. Dada yake nikamwandikia kitu kingine kabisa, na jirani kingine. Huo mstari wa kwanza ndo unaubadilisha kila meseji, zaidi ya hapo ni salamu, "karibu" na idadi tu, mengine yanabaki yale yale. Ukikosa la kusema kuhusu mtu hata mstari mmoja, jiulize kama kweli yuko kwenye wale sita.

Hatua ya 4: siku na saa

Nakaa hapa kidogo maana ndo penye fujo.

"Jumamosi ijayo" ikisemwa Jumanne, huyu anasikia Jumamosi hii inayokuja, yule anasikia ya wiki ijayo. Usibishane nao, weka tarehe: Jumamosi tarehe 14 mwezi wa 6. Jina la siku na tarehe viende pamoja, na uhakikishe kwenye kalenda vinalingana, maana vikipishana mtu hajui ashike kipi.

Halafu andika "Jumamosi usiku", usiandike "usiku wa Jumamosi". Kuna watu, wazee hasa, ambao siku kwao inaanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Jumamosi ni ule wa kuamkia Jumamosi, yaani wewe unauita Ijumaa. Mtu anakuja siku moja kabla na wala hajakosea.

Saa sasa. Sisi tunasema saa moja usiku, simu zetu zinasema 19:00, na wengine wamezoea kusema saba. Ukiandika "saa 7:30" mmoja atakuja saa saba na nusu mchana, mwingine ataelewa saa moja na nusu usiku. Ninavyofanya: saa naiandika kwa maneno ya Kiswahili halafu pembeni naweka ya kwenye simu. "Saa moja na nusu usiku (19:30)". Inaonekana kama nimerudia ila tangu nianze hivyo sijapata hata simu moja ya kuuliza.

Na weka saa mbili tofauti, ya kufika na ya kula. "Jioni" sio saa, na "kuanzia saa moja" ni saa ambayo haina mwisho, mtu anaweza kuja saa nne akakwambia si ulisema kuanzia? Andika mlango uko wazi kuanzia saa moja, mezani tunakaa saa mbili kamili. Mtu akijua chakula kinapakuliwa saa ngapi anajipanga mwenyewe, na anayechelewa anajua anachelewa nini.

Hatua ya 5: njia ya kufika

Pini ya ramani itume, ila usiitegemee peke yake. Pini mara nyingi inaangukia upande wa pili wa barabara au nyuma ya nyumba. Na utume ile lokesheni ya kudumu, sio ile ya moja kwa moja inayokufuata unapotembea, ile inakata ikifika muda uliouchagua na siku ya dina mgeni akiifungua hakuna kitu. Ongeza alama mbili za macho ambazo zinaonekana usiku. Rangi ya geti gizani haisaidii, taa iliyo juu ya geti inasaidia. Nilishawahi kumwandikia mtu "geti la bluu" na usiku mageti yote ni meusi.

Hatua ya 6: zawadi, chakula, jibu

Hizi fupi. Kama hamtaki zawadi, sema mara moja, na kama mnataka usiseme chochote. Chakula uliza "kuna kitu huli?" na usitaje menyu, ukitaja watu wanajibu kwa heshima "nakula vyote" hata kama kuna kinachomdhuru.

Jibu liombe kwa siku na sababu. "Nijulishe mapema" haina tarehe. Mimi nasema nijibu hadi Jumatano ili nijue viti, na hiyo sababu ya viti inafanya kazi kuliko kubembeleza, mtu anaelewa kwamba akinyamaza kuna kiti kinakaa bure. Meseji yenyewe naituma kama siku kumi kabla. Ukituma mwezi mzima kabla wanasahau, ukituma juzi yake wanaona ni wa kuziba pengo.

Yote pamoja sasa

Hii ndo niliyomtumia yule rafiki yake wa shule:

"Shem, mambo! Yule mwenzio mliyekuwa mnashea kalamu moja kwenye mtihani anatimiza arobaini. Tunakula naye chakula cha usiku hapa nyumbani, watu wanane tu, na bila wewe meza haijakamilika. Karibu wewe na wifi, safari hii tumeona tuwe wakubwa tu.
Ni Jumamosi tarehe 14 mwezi wa 6. Mlango uko wazi kuanzia saa moja usiku (19:00), mezani tunakaa saa mbili kamili (20:00).
Pini nakutumia chini. Ukifika kwenye kona, ni geti la tatu kushoto, lenye taa mbili juu.
Zawadi usihangaike, njoo na zile stori zenu. Kuna kitu hamli? Nijibu hadi Jumatano tarehe 11 ili nijue viti."

Isome kwa sauti kabla hujatuma. Ukikwama pumzi mahali, hapo pana maneno ya kadi, yatoe.

Kwa mkubwa wako mwanzo unabadilika, mengine yanabaki. Mama mkwe simtumii meseji kwanza, nampigia: "Shikamoo mama, mwanao anatimiza arobaini, tunaomba uje ule nasi." Akishakubali ndo namwandikia siku, saa na nani atamfuata, kwa ufupi, kama kumbukumbu. Kumtumia mzazi meseji tupu bila sauti ni kama kumwalika kwa mbali.

Jumatano ikifika na mtu kanyamaza, usiulize "vipi mbona hujibu?" Muulize kitu cha kujibika kwa neno moja: "Shem, nikuwekee kiti?" Ijumaa jioni tuma tena pini na saa tu, bila stori, maana ile ya kwanza imeshazama chini ya meseji mia mbili na kesho yake saa moja kasoro robo mtu yuko njiani anaitafuta huku anaendesha.