Siku ya mtihani wa mtandaoni: kagua simu iliyo kwenye chaji

Mtandao wa nyumbani ukizorota ghafla katikati ya mtihani, watu huanza kuilaumu kampuni ya intaneti. Mombasa lawama hiyo ina sababu yake. Nyaya za baharini kama TEAMS na SEACOM zinatia nanga hapa hapa, na tarehe 12 Mei 2024, SEACOM na EASSy zilipokatika upande wa Afrika Kusini, Kenya nzima ilionja taabu. Lakini waya ukikatika, kila nyumba hulia. Mtandao unaozorota kwenu peke yenu, ukatulia dakika mbili kisha ukazorota tena, mara nyingi mwizi wake yumo ndani.

Chukua nyumba moja ya Tudor yenye faiba ya megabiti 10 kwa sekunde. Binti ana mtihani wa saa mbili, kuanzia saa 3:00 asubuhi, na kamera lazima iwe wazi muda wote. Televisheni imezimwa na wadogo wamekatazwa michezo. Shangazi amewasili jana jioni kutoka Malindi, akapewa paswadi ya waifai kama mgeni yeyote anavyopewa. Asubuhi, ili asisumbue, ameizima sauti simu yake, akaitia chaji juu ya friji na kwenda jikoni.

Hapo ndipo lilipo tatizo, nalo ni la kuelewa vizuri. Play Store ya simu za Android, isipobadilishwa, husasisha apu yenyewe pale mambo manne yanapokutana: simu iko kwenye waifai, iko kwenye chaji, haitumiki, na apu inayosasishwa haijafunguliwa. Simu iliyowekwa kando kwa adabu ya mtihani inatimiza yote manne. Ya shangazi ilikuwa na zaidi ya hayo: kwao anatumia bando, kwa hivyo masasisho ya wiki kadhaa yalikuwa yamerundikana yakingoja waifai. Apu 23, jumla kama gigabaiti 1.2. Kwa megabiti 10 kwa sekunde, mzigo huo hujaza njia yote kwa takriban dakika 16, na zaidi ya hapo ikiwa kuna wengine wanaotumia.

Mtihani wenyewe hauhitaji mengi. Shida ni foleni. Ni kama tuktuk iliyokwama nyuma ya malori kwenye foleni ya feri ya Likoni: yenyewe ni ndogo, lakini haivuki mpaka malori yapite. Swali linachelewa kufunguka, jibu linachelewa kuthibitishwa, na picha ya kamera inaganda.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuandaa ni mtu wa kuutazama mtandao, akae sebuleni na kompyuta ya pili. Asiingie chumba cha mtihani, kwa sababu kamera ikimwona mtu wa pili msimamizi anaweza kusimamisha kazi. Afungue madirisha mawili ya amri, yale ya `Command Prompt` kwenye Windows, na aandike moja katika kila dirisha:

```
ping -t 192.168.1.1
ping -t 8.8.8.8
```

Ya kwanza inauliza ruta ya nyumbani. Ya pili inauliza nje. Anwani ya ruta hutofautiana, kwa hiyo usiku wa kuamkia mtihani andika `ipconfig` na usome mstari wa `Default Gateway`. Amri hizi hazili mtandao wa kuhesabika, basi ziache zikimbie tangu mwanzo hadi mwisho. Ukitaka kuzisimamisha, bonyeza Ctrl+C. Usitumie kipimo cha kasi wakati huo: chenyewe hujaza njia na kuzidisha tatizo unalolichunguza.

Kaka mtu alikuwa hapo. Mpaka saa 3:20 ruta ilijibu kwa milisekunde 3 na nje kwa 14. Ghafla nje ikapanda hadi 400, kisha 780, lakini ruta ikabaki pale pale kwenye 3. Tofauti hiyo ndiyo jibu. Ruta yenyewe ingepanda, ungeshuku waifai: umbali, ukuta, au mtu aliyeisogeza ruta. Ruta ikiwa tulivu huku nje kumechafuka, njia ya kutokea imejaa au kampuni ina hitilafu. Baada ya dakika moja namba zikashuka hadi 15, zikatulia kidogo, zikapanda tena. Hitilafu ya kampuni kwa kawaida haina mwendo huo wa maji kupwa na kujaa. Masasisho ndiyo yenye mwendo huo, maana apu ikimaliza kushuka, simu huisakinisha kwanza, na njia hupumua kabla ya inayofuata kuanza.

Akaanza kuzima waifai kwenye kila simu, moja baada ya nyingine, akingoja sekunde kumi na kutazama namba kila mara. Ya mama, hakuna badiliko. Yake mwenyewe, hakuna.

“Shangazi, naomba simu yako kidogo.”

“Ichukue juu ya friji, mwanangu. Mimi hata sijaishika tangu nilipoitia chaji.”

Ilikuwa ya moto mkononi, na juu ya kioo kuna mshale unaoelekea chini ukichezacheza. Akazima waifai. 780 ikawa 14, papo hapo. Kazi yote ilichukua dakika sita, na nyingi kati ya hizo ziliishia kwenye simu ambazo hazikuwa na kosa.

Dakika hizo sita zinaepukika usiku uliotangulia. Waombe watu wote wa nyumba, wageni kwanza, wafungue Play Store, waguse picha yao juu kulia, kisha `Manage apps & device`, na wasasishe kila kitu usiku huo. Kisha warudi kwenye picha ile ile, waguse `Settings`, `Network preferences`, `Auto-update apps`, na wachague `Don't auto-update apps`. Kwenye aifoni, ingia `Settings`, kisha `App Store`, ambayo kwenye matoleo mapya imo ndani ya `Apps`, na uzime `App Updates`. Kwenye laptopu ya mtihani yenyewe, fungua Windows Update na usimamishe kwa wiki moja. Hii ya mwisho watu huisahau, nayo inaumiza kuliko zote, kwa kuwa laptopu hugombania njia na mtihani uliomo ndani yake. Mgeni atakayewasili asubuhi ile ile asipewe paswadi mpaka mtihani uishe. Atumie bando lake, hilo si kumkosea heshima.

Akiba ya bando nayo iwe tayari. Video ya megabiti moja kwa sekunde, kwa saa mbili, hula takriban megabaiti 900, basi nunua gigabaiti 2 ili usikatikiwe njiani. Ukiunganisha laptopu kwa hotispoti ya simu, washa `Metered connection` kwenye mtandao huo, la sivyo Windows itaiona kama waifai ya kawaida na kuanza kupakua. Fanya jaribio hilo jana yake, na usome kanuni za mtihani ujue kama kuhama mtandao katikati kunaruhusiwa. Mifumo mingine hukuhesabu kuwa umetoka.

Mtihani ukiisha, rudisha mpangilio wa kusasisha apu, kwa maana masasisho hayo ndiyo yanayoziba matundu ya usalama. Ya shangazi yalimalizika mchana ule ule, apu 17 zilizobaki, simu ikiwa juu ya friji.