Kuhesabu 11 hadi 99 kwa Kiarabu: kondoo tisini na tisa, majina tisini na tisa

Waswahili wengi tumekwisha kusikia tisini na tisa mbili za Kiarabu bila kuzilinganisha. Ya kwanza iko katika Sura Swad, aya ya 23, kwenye kesi iliyoletwa mbele ya Nabii Daudi: ndugu mmoja ana kondoo majike 99, mwenziwe ana mmoja tu. Aya inasema tis'un wa tis'uuna na'jatan. Ya pili ni hadithi ya majina 99 ya Mwenyezi Mungu: tis'atan wa tis'iina isman. Hesabu ni ileile. Mbona moja ni tis'un na nyingine tis'atan? Mbona tis'uuna huku na tis'iina kule? Na kwa nini "kondoo" na "jina" vimebaki katika umoja, ilhali vinahesabiwa karibu mia?

Nafundisha nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, madrasa, na nimeona kwamba mwanafunzi akiweza kujibu maswali hayo matatu, 11 hadi 99 haitamsumbua tena. Twende hatua kwa hatua. Nitaandika irabu mbili panapovutwa sauti, na alama ' mahali pa ain.

Hatua ya 1: Tafuta umoja wa kinachohesabiwa, kisha ujue jinsi yake.

Usianze na namba. Anza na kitu chenyewe. Daftari ni daftar, la kiume. Rula ni mistara, ya kike. Angalia umoja, wala usiangalie wingi. Wingi wa daftar ni dafaatir, na Kiarabu huuchukulia wingi wa vitu kama wa kike. Mwanafunzi akianzia hapo, kila kitakachofuata kitapinda. Makosa mengi ninayosahihisha chanzo chake ni hiki, ingawa mwandishi hudhani amekosea namba.

Hatua ya 2: Kiandike kitu hicho kwa umoja, chenye tanwini ya fatha.

Kuanzia 11 hadi 99 kinachohesabiwa huitwa tamyizi, na hali yake haibadiliki: umoja, katika nasbu, yaani hali ya kitendwa. Daftaran. Mistaratan. Na'jatan. Isman. Hata namba yenyewe ikiwa katika rafu, hali ya mtenda, au jarri, hali ya neno linalotanguliwa na kihusishi, tamyizi inabaki na -an yake.

Hapa Kiswahili kinatuvuta mkono. Sisi husema "vitabu kumi na vitatu": kitu kwanza, tena kwa wingi. Mwanafunzi huandika thalaathata 'ashara kutuban, na sikio lake halimshtaki. Sahihi ni kitaaban. Wingi unafaa kwa 3 hadi 10 tu, na huko huwa katika jarri: thalaathatu kutubin. Ukivuka kumi, rudi kwenye umoja. Hilo ni jibu la swali la tatu.

Hatua ya 3: Shughulikia mamoja.

Hapa ndipo penye uzito. Sita, saba na tisa za Kiswahili zimetoka Kiarabuni, na kwetu hazishiki ngeli: watu saba, vitabu saba, nyumba saba. Tumezoea zisiguswe. Kwa Kiarabu zinaguswa, tena kinyumenyume.

Mamoja yakiwa 1 au 2, yafuate jinsi ya kitu. Yakiwa 3 hadi 9, yapinge: kitu cha kiume, namba ichukue ta ya kike mwishoni, kitu cha kike, namba iiache. Jina (ism) ni la kiume, ndiyo maana tukapata tis'atan. Kondoo jike (na'ja) ni wa kike, ndiyo maana tukapata tis'un. Swali la kwanza limejibiwa.

Hatua ya 4: Shughulikia makumi.

'Ishruuna hadi tis'uuna hazijali jinsi kabisa. Wanaume ishirini, wanawake ishirini, neno ni lilelile.

Ila "kumi" iliyo ndani ya 11 hadi 19 inajali, nayo hufuata kitu bila kupinga. Kitu cha kiume: 'ashara, shini ina fatha. Kitu cha kike: 'ashrata, shini ina sukuni na ta inaongezeka. Kwa hiyo kutoka 13 hadi 19 sehemu mbili za namba moja zinatazama pande tofauti: khamsata 'ashara daftaran, lakini khamsa 'ashrata mistaratan. Ta iko mara moja tu. Ukiiona pande zote mbili, au huioni popote, umekosea. Mimi huwaambia wanafunzi waweke kidole juu ya ta na waihesabu kabla ya kuleta daftari kusahihishwa.

Katika 11 na 12 hakuna upinzani. Nyota katika ndoto ya Nabii Yusufu ni za kiume: ahada 'ashara kawkaban. Chemchemi zilizotoka kwenye jiwe la Nabii Musa ni za kike: ithnataa 'ashrata 'aynan.

Hatua ya 5: Mwisho wa neno, kwa kazi yake katika sentensi.

Makumi yana sura mbili: -uuna kwa rafu, -iina kwa nasbu na jarri. Kondoo walikuwa katika rafu, majina katika nasbu. Hilo ni jibu la swali letu la pili. Kiswahili kilichukua sura ya -iina peke yake, ishirini, thelathini, arobaini, na ndiyo sababu ulimi wetu hukimbilia 'ishriina hata pasipo pake. Mamoja yaliyo pamoja na makumi nayo hubadilika: tis'un, tis'an, tis'in.

Kutoka 11 hadi 19 pumzika. Sehemu zote mbili zimeganda kwenye fatha katika kila hali, isipokuwa 12, ambayo sehemu yake ya kwanza hubadilika kama neno la uwili. Miezi kumi na miwili katika Sura Tawba ni ithnaa 'ashara shahran, kwa rafu. Viongozi kumi na wawili wa Wana wa Israili katika Sura Maida ni ithnay 'ashara naqiiban, kwa nasbu.

Tujaribu mfano mzima

"Nilinunua madaftari 27 na rula 15." Mwanafunzi mmoja aliniandikia ubaoni: ishtaraytu sab'un wa 'ishruuna dafaatir wa khamsata 'ashara mistaratan.

Tulianza na daftar. Ni la kiume, basi umoja wenye tanwini: daftaran. Saba ipinge, ipate ta. Vilivyonunuliwa ni vitendwa, hivyo nasbu: sab'atan, na makumi yawe 'ishriina. Tukahamia kwenye mistara. Ni ya kike, tano ipinge kwa kuacha ta, kumi ifuate kwa kuichukua: khamsa 'ashrata. Akafuta, akaandika upya:

Ishtaraytu sab'atan wa 'ishriina daftaran wa khamsa 'ashrata mistaratan.

Kisha nikamwambia aigeuze iwe "Nina madaftari 27 na rula 15", ambayo ni rafu. Akaandika 'indii sab'atun wa 'ishruuna daftaran wa khamsa 'ashrata mistaratan. Chaki ilitua akiwa amebadilisha maneno mawili tu ya hesabu, sab'atun na 'ishruuna, akanitazama kama anayeuliza iwapo amesahau kitu. Hakusahau. Kumi na tano imeganda, na tamyizi haisogei.

Namba ya kuangaliwa peke yake ni nane pamoja na kitu cha kike, kwa sababu ikipoteza ta hubaki na herufi yaa. Madirisha 18 (naafidha) ni thamaaniya 'ashrata naafidhatan. Madirisha 28 katika rafu, yaa hiyo inadondoka: thamaanin wa 'ishruuna naafidhatan.

Ukifika mia, tamyizi inabaki katika umoja lakini inaingia jarri: mi'atu daftarin.