Somo: IVF, namba moja tu inayofanya jibu sahihi likupite

Wakuu, leo tuchambue IVF, njia ya kuzigawa vekta kwenye makundi ili kutafuta zilizo karibu na swali kuwe haraka, maana naona wengi wanaiwasha halafu wanalaumu vekta zao matokeo yakiwa mabovu, wakati shida mara nyingi iko kwenye nprobe, yaani idadi ya makundi yanayopekuliwa kwa kila swali.

Tuseme una vekta milioni 1. Kulinganisha moja moja ni mahesabu milioni 1 kwa kila swali, sasa IVF inazigawa kwanza kwa k-means, kila kundi linapata kitovu chake na kila vekta inaingia kwenye orodha ya kitovu kilicho karibu nayo zaidi. Swali likija linalinganishwa na vitovu, makundi machache ya karibu yanachaguliwa, unapekua humo tu.

Kwenye Faiss, maktaba ya kutafuta vekta:

```python
q = faiss.IndexFlatL2(d)
ix = faiss.IndexIVFFlat(q, d, 4096)
ix.train(sampuli)
ix.add(x)
ix.nprobe = 16
D, I = ix.search(maswali, 10)
```

Hapo makundi ni 4096, wastani wa vekta 244 kila moja. Sampuli ya kutrein ichukue kwa bahati nasibu, ukiweka chini ya 39 kwa kila kundi Faiss inakupa onyo, kwa hiyo hapa 200,000 zinatosha.

Sasa nprobe. Usipoigusa ni 1, na hapo ndipo watu wanaumia. Angalia: kitovu A kiko (0,0), B kiko (10,0), swali lako (4.8,0). A ndiyo iko karibu, unaingia A, unakuta vekta (4,0), umbali 0.8, unarudi nayo. Kumbe ng'ambo ya mpaka kwenye kundi la B kuna (5.1,0), umbali 0.3 tu, na hukuiona kabisa!! Vekta zenye vipimo vingi zinakaa mipakani hivi kwa wingi.

Kupanda hadi 16 wala si ghali unavyodhani. Vitovu 4096 unavilinganisha hata ukiwa na nprobe 1, kwa hiyo jumla inatoka kama 4,340 kwenda 8,000 hivi.

Usikisie lakini, pima. Chukua maswali 1,000, yatafute kwa IndexFlatL2 inayolinganisha vekta zote moja moja, kisha hesabu kati ya majibu 10 ya kweli IVF imerudisha mangapi. Pandisha 1, 4, 16, 64 mpaka uone haiongezeki tena.

Swali: mkuu mimi napata id za -1, data imeharibika?
Jibu: Hapana, makundi uliyopekua yana vekta pungufu ya 10 ulizoomba. Ongeza nprobe.

Swali: naweza kuweka nprobe 4096 yaishe?
Jibu: Utapata majibu yaleyale ya IndexFlatL2, ila umepekua zote na vitovu juu yake, IVF haina kazi tena hapo.

Swali: naongeza data kila siku, nitrein upya?
Jibu: add haihamishi vitovu. Data mpya ikifanana na ya zamani endelea tu, ila ikiwa ya aina nyingine itajazana kwenye makundi machache, na maswali yanayoangukia humo yataanza kuchelewa. Cheki ukubwa wa orodha kwa `ix.invlists.list_size(i)`, ukikuta moja ina 30,000 na nyingine 12, tengeneza index mpya, itrein na uongeze vekta zote tena.