Somo: Kutengeneza hoja kuu na aya ya hoja pinzani kwenye insha ya mjadala

Shida ninayoiona kwenye insha nyingi za historia, falsafa na fasihi ni hii: mtu anaandika hoja kuu siku ya kwanza, haigusi tena, af karibu na mwisho anakumbuka mwalimu alisema lazima iwepo hoja pinzani, basi anachomeka "wapo wanaopinga, ila wanakosea". Hiyo aya haifanyi kazi yoyote, ukiifuta insha inabaki vile vile. Hoja pinzani ya ukweli inakulazimisha urudi juu ukarekebishe hoja kuu, na ndo nataka tuifanye hapa kwa mfano mmoja.

Mfano wetu ni sanamu na vibao vya shaba vya Benin (ufalme wa zamani ambao leo uko ndani ya Nigeria kusini, sio ile nchi jirani inayoitwa Benin, watu wanachanganya sana). Februari 1897 jeshi la Uingereza lilivamia mji, likaubeba utajiri wa jumba la kifalme, na mfalme Ovonramwen akapelekwa uhamishoni Calabar. Vitu vingi viko Makumbusho ya Uingereza, London.

Hatua ya 1: toka kwenye mada, ingia kwenye swali

"Sanamu za Benin na ukoloni" ni mada tu, huwezi kuipinga wala kuikubali. Swali ni: je, Makumbusho ya Uingereza yanapaswa kuzirudisha? Sasa watu wawili wenye akili zao wanaweza kujibu tofauti.

Hatua ya 2: andika jibu pamoja na "kwa sababu"

Rasimu ya kwanza: *Makumbusho ya Uingereza yanapaswa kurudisha sanamu za Benin kwa sababu zilichukuliwa kwa mabavu.*

Ikanushe uone. "Hayapaswi kurudisha": yupo anayesema hivo kwa dhati? Yupo, kwa hiyo una hoja. Ungeandika "uvamizi wa 1897 uliwaumiza watu wa Benin" hakuna wa kukupinga, hapo una ukweli wa kihistoria tu.

Halafu, na hapa ndo wengi hawafiki, tafuta kile kitu ambacho hukukiandika lakini sentensi yako inakitegemea. Kutoka "zilichukuliwa kwa mabavu" mpaka "zirudishwe" kuna daraja limejificha: kwamba kitu kilichoporwa bado ni cha aliyeporwa hata baada ya zaidi ya miaka 100, na kwamba aliyeporwa anajulikana ni nani. Mpinzani mwenye akili hatagusa mabavu, hilo linajulikana. Atapiga daraja.

Hatua ya 3: tafuta pigo zito, achana na jepesi

Pigo jepesi ni "London zinatunzwa vizuri zaidi". Unalijibu kwa sentensi moja: kutunza vizuri mali ya mtu hakukufanyi mwenye mali. Ukijaza aya nzima kwa hilo msomaji anajua umechagua mpinzani mnyonge.

Pigo zito linatoka upande usioutegemea. Baadhi ya wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani Amerika wanasema shaba yenyewe iliingia Benin kwa njia ya manila, zile bangili ambazo Wazungu walizitumia kama pesa kununulia bidhaa na pia watu, sasa iweje irudishwe kwa ukoo wa kifalme ulionufaika? Hii inagonga lile swali la "aliyeporwa ni nani" moja kwa moja.

Hatua ya 4: andika aya

Mimi ningeiandika hivi:

*Pingamizi zito zaidi halitoki kwa makumbusho bali kwa wazao wa watu waliouzwa. Wanaeleza kwamba sehemu ya shaba iliyoyeyushwa kutengeneza sanamu hizi ilipatikana kwa kubadilishana na binadamu, kwa hiyo kuzikabidhi kwa ufalme peke yake ni kuwasahau walioilipia kwa uhuru wao. Msingi wa dai hili ni imara: utafiti wa kimaabara uliochapishwa 2023 ulionyesha kuwa shaba ya sanamu nyingi za Benin inalandana na ya manila zilizotoka eneo la mto Rhine, Ujerumani. Hata hivyo, manila hizo hizo zilinunua pia pilipili na pembe za ndovu, hivyo hatuwezi kusema kibao fulani kililipiwa na maisha ya mtu fulani. Na hata tukikubali kwamba wazao hao wana sehemu yao, dai lao linaongeza idadi ya wadai. Halimfanyi aliyezitwaa kwa nguvu 1897 kuwa mmiliki.*

Angalia mwendo wake. Nusu ya kwanza ni ya mpinzani, imeandikwa kiasi kwamba akiisoma atasema eeh, hicho ndicho ninachosema. Hakuna "eti", hakuna "wanadai tu". Kisha nimekubali kilicho kweli, na ushahidi wa kumsaidia nimeuleta mwenyewe. "Hata hivyo" imekuja baada ya hapo, na jibu halikatai ukweli wake, linaonyesha unaishia wapi.

Hatua ya 5: rudi ukarekebishe hoja kuu

Baada ya aya ile, "kwa sababu zilichukuliwa kwa mabavu" haitoshi tena. Toleo jipya: *Ingawa shaba ya sanamu za Benin inabeba pia historia ya biashara ya watumwa, Makumbusho ya Uingereza yanapaswa kuachia umiliki wake, kwa sababu uporaji wa 1897 haukuyapa haki yoyote, na swali la nani agawane urithi huo ni la warithi, si la mrithi wa mporaji.* Ni ndefu, sawa, lakini imepungua ukubwa wa dai: sasa natetea kuachia umiliki tu, sijasema zikabidhiwe kwa nani.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, kuna sheria ya Uingereza ya 1963 inayowabana wadhamini wa makumbusho wasitoe vitu. Hiyo si hoja pinzani kali zaidi?

Jibu: Inategemea umedai nini. Wewe unasema "yanapaswa", sheria inasema "hayawezi kwa sasa", ni vitu viwili tofauti na bunge linaweza kubadili sheria. Ila kama hoja yako inasema wadhamini wazirudishe kesho, hapo inakubomoa, itabidi uielekeze kwa bunge.

Swali: Aya hii inakaa wapi? Sisi tumefundishwa kabla ya hitimisho.

Jibu: Iweke pale ambapo msomaji angeanza kubisha. Kwenye mfano huu ni mara tu baada ya kuonyesha kwamba zilikuwa mali ya Benin, maana hapo ndo atauliza "Benin ipi, ya nani?" Ukichelewa atasoma kurasa mbili akiwa na swali kichwani.

Swali: Samahani mwalimu, mimi nachambua riwaya, hakuna "inapaswa" popote. Hoja pinzani naitoa wapi?

Jibu: Huko mpinzani ni msomaji mwingine wa kifungu kile kile, dada. Tuseme unasema ukimya wa mhusika ni upinzani, tafuta tukio ambalo ukimya wake unaonekana ni woga kabisa, linukuu, mpe anayesoma hivo nafasi yake. Ukiona tukio lile halijibiki, usilifiche, sema ukimya unaanza kama woga na kugeuka upinzani baadaye, na uonyeshe unageukia sura ipi.