Kuchagua Kisawe cha Kiingereza Kutoka kwenye Kamusi: Mfano wa Neno «Mpole»

Anayeishi ughaibuni hulazimika mara nyingi kuandika Kiingereza rasmi: barua ya kuombea kazi, maelezo kwa mwalimu wa mtoto, au barua ya kumdhamini mwenzake kazini. Neno la Kiswahili linakuja kichwani mara moja, naye anafungua kamusi ya lugha mbili ili apate mwenza wake. Hapo anakuta maneno matano au sita ya Kiingereza yaliyopangwa mstari mmoja. Analichagua moja, na pengine, kwa kutaka neno lenye uzito zaidi, analitafutia sinonimu katika kamusi ya Kiingereza ya sinonimu. Katika hatua hizo mbili maana inaweza kuhama kabisa bila mwandishi kuona dalili yoyote, kwa sababu kila hatua peke yake ilikuwa na kibali cha kamusi.

Tumezoea kuyaita marafiki wa uongo yale maneno yanayofanana kwa umbo, kama «hoteli», ambayo kwa wasemaji wengi wa Kiswahili ni mahali pa kula, ilhali «hotel» ya Kiingereza ni mahali pa kulala wageni. Hayo yanajulikana na ni rahisi kuyakwepa. Yaliyo magumu zaidi ni yale yasiyofanana hata kidogo na neno letu, lakini kamusi imeyaweka kando yake. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba visawe vya Kiingereza vilivyo chini ya kidahizo kimoja, yaani chini ya neno moja la Kiswahili linalofafanuliwa katika kamusi, si lazima viwe sinonimu wao kwa wao. Kila kimoja kinagusa upande mmoja tu wa neno la Kiswahili, na upande wake wa pili unaelekea mahali ambapo neno letu halifiki.

Tuchukue neno «mpole», kwa kuwa hutokea sana katika barua za kumsifu mtu. Tuseme mtu anaandika barua ya kumdhamini mwenzake anayeomba kazi ya kuhudumia wazee, naye anataka kusema: «Ni mpole kwa wagonjwa, lakini ana msimamo panapohitajika uamuzi.» Chini ya mzizi «-pole» kamusi humpa maneno kama «gentle», «meek», «mild», «quiet» na «humble». Mwandishi anaona «meek», neno fupi lenye sura ya heshima, na huenda amelisikia kanisani. Akilipeleka kwenye kamusi ya sinonimu, anapata «submissive», «docile» na «timid». Sasa barua yake inamwambia mwajiri kwamba mwombaji ni mtu wa kuburuzwa, asiye na kauli, au mwoga, na nusu ya pili ya sentensi, ile ya msimamo, inaonekana kupingana na ya kwanza. Mwajiri hatauliza. Ataisoma kama ilivyoandikwa.

Neno «meek» lina sababu nzuri ya kuwamo katika kamusi zetu. Waliotunga kamusi za mwanzo za Kiswahili na Kiingereza walikuwa wamisionari: Krapf, ambaye kamusi yake ilichapwa 1882, na Madan, ambaye yake ilitoka 1903. Kamusi sanifu ya Johnson ya 1939 ilijengwa juu ya kazi ya Madan. Katika Biblia ya Kiingereza ya 1611, wanaotajwa katika Mathayo 5:5 ni «the meek», na Biblia ya Kiswahili inasema «Heri wenye upole, maana hao watairithi nchi.» Katika Kiingereza hicho neno hilo ni sifa kamili. Lakini katika mazungumzo ya leo limeelemea upande wa mtu asiyethubutu kupinga jambo, ilhali «mpole» wetu haujaondoka mahali pake. Kisawe kilikuwa sahihi, kisha mmoja wa wale wawili akahama. Kwa hiyo, mtu anayetumia kamusi ya zamani, au kamusi ya mtandaoni iliyonakili orodha za zamani, anapaswa kushuku kwa namna ya pekee maneno yanayohusu tabia na maadili, kwa kuwa humo ndimo lugha ya ibada ilimoingia kwa wingi.

Kazi ya kuepuka kosa hili huanza kabla ya kufungua kamusi. Andika sentensi yako nzima kwa Kiswahili, kisha ujiulize kinyume cha neno lako ndani ya sentensi hiyohiyo ni kipi. Kinyume cha «mpole kwa wagonjwa» ni mkali, mwenye mikono mizito, mwenye kukaripia. Lakini mzazi anaposema «Leo mtoto amekuwa mpole sana, nadhani anaumwa», kinyume chake ni mchangamfu. Na ukisema kwamba fulani «amekuwa mpole baada ya kukaripiwa», kinyume ni mwenye kiburi au mwenye makelele. Neno moja la Kiswahili limefanya kazi tatu, na kila moja inaomba neno lake la Kiingereza: ya kwanza «gentle», ya pili «quiet», na ya tatu «subdued», ambalo huenda halimo kabisa katika kidahizo ulichokisoma. Binafsi naona hatua hii ndiyo yenye faida kuliko zote, kwa sababu inatumia ujuzi ambao mzungumzaji wa Kiswahili tayari anao kwa ukamilifu, badala ya kumtegemeza kwenye Kiingereza ambacho ndicho anachokitilia shaka.

Ukishajua ni kazi ipi unayoitafutia neno, soma kidahizo kwa makini, pamoja na alama zake za uandishi. Katika kamusi nyingi mkato hutenganisha maneno yaliyo karibu kimaana, na nukta-mkato au tarakimu hutenganisha maana zilizo mbali. Utaratibu huo huelezwa katika kurasa za mwanzo, ambazo wengi huzipita. Kamusi za bure za mtandaoni mara nyingi zimefuta tofauti hiyo na kutandaza maneno yote sawasawa, na hapo msomaji hana budi kuutafuta mpaka huo mwenyewe.

Baada ya hapo rudi nyuma. Chukua kila neno la Kiingereza ulilolifikiria na ulitafute katika kamusi ya Kiingereza-Kiswahili. Neno likirudi likiwa na «mpole» pamoja na maneno usiyoyakusudia, kama vile «mnyonge» au «mtiifu», umepata onyo. Hata hivyo, kurudi nyuma kuna mipaka yake: ikiwa kamusi zote mbili zimetokana na orodha moja, zitathibitishana hata katika kosa. Ndiyo maana hatua inayofuata, ambayo haifai kuachwa, ni kufungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza, kama zile za Oxford, Cambridge au Longman. Kamusi hizo huandika fasili kwa maneno mepesi, na huweka lebo zinazokuambia kama neno ni la kizamani, la kifasihi, rasmi, au la kukosoa. Ukiona lebo «disapproving», yaani neno hutumika kwa kulaumu, liache mara moja katika barua ya sifa. Lebo ikikosekana usidhani umesalimika. Soma fasili na mifano: kwa «meek» utakuta habari za mtu asiyependa kubishana au kutoa maoni yake, na hiyo si habari uliyotaka kumpa mwajiri.

Mifano hiyo pia huonyesha neno linaandamana na nini. «Mild» husemwa sana kuhusu hali ya hewa, ladha, au ugonjwa usio mkali. «Docile» hutumika sana kwa wanyama waliotulia. «Benign», ambalo mtu anaweza kulifikia kwa kufuata sinonimu za «gentle», katika mazungumzo ya hospitali ni neno la uvimbe usio wa saratani, na kumwita mhudumu hivyo kutamshangaza msomaji. Vilevile angalia kiungo kinachofuata: Kiswahili husema «mpole kwa», «mwema kwa» na «mvumilivu kwa», ilhali Kiingereza husema «gentle with» na «patient with», lakini «kind to». Ukibaki na shaka, tafuta mtandaoni fungu zima la maneno ndani ya alama za kunukuu, kwa mfano:

```
"gentle with patients"
"meek with patients"
```

Usiangalie idadi ya matokeo, kwa kuwa haiaminiki. Soma sentensi zenyewe, na uone nani anasema, na kama anasifu au analaumu.

Neno la pili katika sentensi yetu, «msimamo», lina mtego wake. Mtu mwenye msimamo anaweza kugeuzwa kwa urahisi kuwa «rigid» au «stubborn», ambayo ni lawama, wakati lililotakiwa ni «firm». Hivyo sentensi nzima inaweza kuwa: «She is gentle and patient with the people she cares for, and firm when a decision is needed.» Zingatia kwamba «mpole» mmoja amekuwa maneno mawili, kwa sababu upole wa mhudumu katika Kiswahili umebeba pia uvumilivu, ambao «gentle» peke yake haiubebi wote. Hakuna sheria inayodai neno moja kwa neno moja. Mara nyingi jibu bora ni kuliacha neno la sifa na kueleza kitendo chenyewe: kwamba hapandishi sauti, na kwamba huwangoja wagonjwa wamalize kusema. Kitendo kilichoelezwa hakina rafiki wa uongo.

Ukipata mzaliwa wa lugha hiyo wa kumuuliza, usimwulize kama neno ni sahihi, kwa kuwa atakuambia ni sahihi, na kisarufi atakuwa amesema kweli. Msomee sentensi bila maelezo, kisha umwombe akueleze mtu anayemwona akilini mwake. Akimwelezea mtu mtulivu na mwenye huruma, umefika. Akimwelezea mtu anayekaa kimya pembeni, rudi kwenye orodha.

Utaratibu huohuo unafaa kwa vitenzi, na kimoja kinastahili tahadhari ya pekee kwa walio ughaibuni: «kudai». Katika «nadai fedha zangu» hakuna shaka wala ukali wa lazima, kuna haki tu. Kamusi hutoa «claim» na «demand». «Demand» katika barua ya kwanza husikika kama kitisho. «Claim» hufaa palipo na utaratibu maalumu wa madai, kama wa bima, lakini likifuatiwa na sentensi, kama katika «he claims that he paid», hutia shaka katika maneno ya msemaji, sawa na «anadai kuwa alilipa» katika Kiswahili. Anayejieleza mwenyewe kwa kuandika «I claim that I paid» amejitilia shaka kwa kalamu yake. Akipanda hadi «allege», hali inazidi kuwa mbaya. Kwa barua ya kwanza ya kurejeshewa fedha, «I am writing to request a refund» inatosha, na «demand» ibaki kwa barua ya baadaye, ikiwa ya kwanza haikujibiwa.